Betri ya saa ikifa, usakinishaji hukwama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa mafundi na walimu wa kompyuta wa Arusha na Moshi wanaosakinisha mfumo kwenye mashine zilizotumika, hasa zile za mezani zinazofika shuleni na maofisini zikiwa zimekaa stoo muda mrefu. Mifano mingi ni ya Ubuntu 22.04, lakini chanzo cha tatizo ni kilekile kwenye mifumo mingine.

Intaneti ipo na kurasa nyingine zinafunguka. Kwa nini usakinishaji unagoma kupakua?

Kabla hujagusa kebo, ruta au flashi, angalia tarehe. Fungua terminali uandike:

```
date -u
```

Amri hiyo hutoa saa ya UTC, iliyo saa 3 nyuma ya saa ya Tanzania. Ukiona mwaka uliopita, au hata siku ileile lakini saa kadhaa nyuma ya hapo, umeshampata mhalifu. Karibu kila kitu kinachopakuliwa siku hizi hukaguliwa kwa tarehe. Tovuti inayoanza na `https` hutoa cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Hifadhi ya vifurushi nayo hutoa faili lililotiwa saini ya kidijitali, lenye tarehe ya siku lilipotengenezwa. Kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe, maana haina nyingine. Ikiwa saa hiyo inasema tuko 2010, cheti kilichotolewa mwezi uliopita kinaonekana ni cha siku ambayo bado haijafika, na kompyuta inakikataa kwa haki kabisa.

Ndiyo maana ukurasa wa `http` wa kawaida unaweza kufunguka huku ule wa `https` ukigoma. Mtu akiona hivyo huanza kuilaumu kampuni ya simu na kununua bando jingine, wakati mtandao hauna kosa lolote.

Ujumbe gani kwenye skrini unaonyesha kwamba shida ni tarehe?

Tafuta maneno `not valid yet` au `not yet valid`. Kwenye `apt` ujumbe huja hivi:

```
E: Release file for http://security.ubuntu.com/ubuntu/dists/
jammy-security/InRelease is not valid yet
(invalid for another 1224d 4h 12min 30s).
```

`curl` husema `certificate is not yet valid`. Kivinjari cha Chrome huandika `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, na mara nyingine husema wazi `Your clock is behind`. Ukiwasha mashine, kabla mfumo haujaanza, huenda ukaona `CMOS checksum error` au `CMOS Battery Low`. Watu wengi hubonyeza F1 na kupita bila kusoma, na hapo ndipo dalili ya kwanza inapopotea.

Neno `expired` ni habari nyingine kidogo. Linaweza kumaanisha saa yako imekimbia mbele, lakini pia linaweza kutokea saa ikiwa sahihi kabisa. Cheti cha mzizi kiitwacho DST Root CA X3 kiliisha tarehe 30 Septemba 2021, na mifumo ya zamani iliyokitegemea ilianza kukataa tovuti nyingi siku hiyo ingawa saa zake zilikuwa sawa. Kwa hiyo ukiona `expired` na tarehe ni ya leo, usiendelee kuichezea saa. Flashi yako ina mfumo uliozeeka, tafuta toleo jipya.

Jana saa ilikuwa sahihi. Imeharibikaje usiku mmoja?

Haikuharibika usiku mmoja. Betri ilikufa siku nyingi nyuma, umeme wa ukutani ukawa unaificha.

Kompyuta ya mezani iliyochomekwa ukutani hupata umeme mdogo wa kusubiri kutoka kwenye pawa saplai hata ikiwa imezimwa, na umeme huo ndio unaoendesha saa. Betri ya mazabodi hufanya kazi pale tu umeme huo unapokosekana. Mashine yenye betri mfu inaweza kutunza saa vizuri kwa miezi, mpaka siku umeme wa mtaa unapokatika, au mlinzi anapozima swichi za ukutani Ijumaa jioni kama ofisi nyingi zinavyotaka. Jumatatu inawaka ikiwa na tarehe ya kiwandani.

Hii inakupa jaribio rahisi lisilohitaji kifaa chochote. Rekebisha saa ndani ya BIOS, hifadhi, zima, chomoa waya wa umeme kwa dakika 10, kisha chomeka na uingie BIOS tena. Saa ikiwa imerudi nyuma au imesimama palepale ulipoiacha, betri haifai. Kuzima na kuwasha bila kuchomoa waya hakukuonyeshi kitu.

BIOS inasema 2010, lakini Ubuntu ya kwenye flashi inasema 2022. Ipi ni kweli?

Hakuna iliyo kweli. Hapa ndipo mafundi wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo tuupitie mfano mmoja taratibu.

Tuseme leo ni tarehe 14 Agosti 2025, na mashine ya BIOS ya 1 Januari 2010 imewashwa kwa flashi ya Ubuntu 22.04. Mfumo unapoanza, `systemd` hutazama saa ya mashine na kuona ni ya zamani kuliko siku `systemd` yenyewe ilipotengenezwa. Hilo haliwezekani, kwa hiyo inaisukuma saa mbele hadi siku hiyo ya kutengenezwa, na kuandika kwenye kumbukumbu zake `System time before build time, advancing clock`. Tuseme imesukumwa hadi 8 Aprili 2022. Tarehe hiyo inaonekana ya akili kiasi, na anayeitupia jicho pembeni mwa skrini huona siku na saa tu, haoni mwaka.

Sasa anaandika `sudo apt update`. Hifadhi kuu ya `jammy` ina faili la tarehe 21 Aprili 2022, siku toleo lilipotoka, nalo linakataliwa kwa siku 13 tu. Hifadhi ya `jammy-security` ina faili la leo, hivyo inakataliwa kwa siku 1224. Namba hizo mbili si za kubahatisha. Kila moja ni umbali kati ya saa ya mashine na siku faili lilipotiwa saini, na kwa kuwa faili la usalama hutengenezwa upya mara kwa mara, namba kubwa kuliko zote inakaribia sana kiasi ambacho saa yako imechelewa. Gawa 1224 kwa 365: miaka mitatu na ushei. Tayari unajua ukubwa wa kosa la saa ya mfumo kabla hujafungua BIOS.

Kama saa ya flashi ingekuwa ya Mei 2022, `jammy` ingepita na `jammy-security` ingegoma. Mtu angedhani seva moja ni mbovu na kuanza kubadilisha anwani za hifadhi. Ukiona baadhi ya hifadhi zinapita na nyingine zinagoma, fikiria tarehe kwanza.

Narekebishaje sasa hivi ili niendelee na kazi?

Chukua saa ya simu yako, toa saa 3, kwa sababu Tanzania iko saa 3 mbele ya UTC mwaka mzima. Simu ikisema 14:15, UTC ni 11:15. Kisha, ukiweka tarehe na saa yako badala ya hizi za mfano:

```
sudo timedatectl set-ntp false
sudo date -u -s "2025-08-14 11:15:00"
sudo hwclock --systohc --utc
```

Mstari wa kwanza unazuia mfumo kukuingilia unapoweka saa. Wa pili unaweka saa ya mfumo. Wa tatu unaiandika kwenye saa ya mazabodi, ili ukizima na kuwasha bila kuchomoa umeme ibaki. Rudia `sudo apt update` papo hapo. Huna haja ya kuanza usakinishaji upya. Ikipita, rudisha `sudo timedatectl set-ntp true`.

Kwenye kisakinishi cha Debian hakuna `sudo`. Bonyeza Ctrl+Alt+F2, kisha Enter, andika amri ya `date` na `hwclock -w -u`, halafu rudi kwa Ctrl+Alt+F1, au Ctrl+Alt+F5 kama unatumia kisakinishi cha picha.

Kama hujaanza kabisa, njia safi zaidi ni kuweka saa ndani ya BIOS kabla ya kuwasha flashi. Soma swali linalofuata kwanza.

Nimeweka saa kwa mkono, bado `apt` inasema `not valid yet`. Nimekosea wapi?

Angalia namba kwenye mabano. Ikisema saa mbili au tatu hivi, umeingiza saa ya Kiswahili.

Ni saa nane na robo mchana, na kidole kinaandika 08:15 bila kufikiri. BIOS inataka 14:15. Linux nayo, kwa kawaida, huisoma saa ya BIOS kama UTC. Basi mashine inaamini ni 08:15 UTC wakati ukweli ni 11:15 UTC. Imechelewa saa 3. Faili la usalama lililotiwa saini saa 10:40 UTC litakataliwa kwa saa 2 na dakika 25. Kosa ni dogo kiasi kwamba tarehe inaonekana sahihi kabisa, na ndiyo sababu linasumbua kuliko lile la miaka 15.

Kosa la pili ni mpangilio wa tarehe. BIOS nyingi huanza na mwezi, kisha siku. Ukiandika 05/09 ukimaanisha tano Septemba, mashine inaelewa tisa Mei na umerudi nyuma karibu miezi minne. Kuanzia siku ya 13 ya mwezi kosa hili haliwezekani, maana hakuna mwezi wa 13, ndiyo maana hujitokeza mwanzoni mwa mwezi na kumshangaza fundi ambaye wiki iliyopita alifanya vilevile bila shida.

Ukiweka saa ya Tanzania kwenye BIOS na Linux ikaisoma kama UTC, mfumo utakuwa saa 3 mbele. Hiyo kwa upakuaji haina madhara makubwa, na itanyooka saa ya mtandao ikipatikana.

Si mfumo hujirekebishia saa wenyewe ukipata mtandao?

Hujirekebisha, mlango ukiwa wazi. Saa ya mtandao hupita kwa UDP kwenye poti 123, na ruta za baadhi ya ofisi, shule na hoteli huruhusu kurasa za wavuti tu. Tovuti inafunguka, saa haifiki. Ukiandika `timedatectl` na kuona `System clock synchronized: no` dakika mbili baada ya kuunganishwa, usisubiri zaidi, weka kwa mkono.

Kwenye waifai ya vocha kuna fundo jingine: ukurasa wa kuingizia namba ya vocha wenyewe ni wa `https`, nao unagoma kwa sababu ya tarehe. Huwezi kuingia mtandaoni kuchukua saa kwa sababu huna saa ya kuingilia mtandaoni. Rekebisha tarehe kwa mkono, au tumia intaneti ya simu kwa waya wa USB.

Windows ina kikomo chake. Huduma yake ya saa, kwa mpangilio wa kawaida kwenye kompyuta isiyo kwenye domeni, hukataa kusahihisha kosa linalozidi saa 15. Mashine iliyorudi nyuma miaka kadhaa inaweza isirekebishwe hata mtandao ukiwa mzuri. Weka tarehe mwenyewe kwanza, halafu uiache iendelee.

Kwa nini nisizime tu ukaguzi wa vyeti nikamaliza kazi?

Amri zipo, na tunaomba msizitumie: `curl -k`, `wget --no-check-certificate`, au `Acquire::Check-Date=false` kwa `apt`. Ukaguzi wa cheti ndio unaohakikisha faili limetoka kwa mwenyewe na si kwa mtu aliyekaa katikati ya mtandao, na ule wa tarehe wa `apt` huzuia usipewe faili la zamani. Kuuzima wakati wa kusakinisha ni kuuzima wakati ule ambao kila kinachoingia kitabaki kwenye mashine kwa miaka. Isitoshe, mpangilio ulioandikwa kwenye faili la `apt` husahaulika humo, na mashine inaendelea hivyo baada ya betri kubadilishwa. Kuweka tarehe huchukua dakika moja.

Ninunue betri gani, na naibadilishaje?

Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, ya volti 3, yenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ni ileile ya rimoti nyingi za gari, kwa hiyo hata fundi saa wa barabarani anaweza kuwa nayo. Usikubali CR2025 ukiambiwa ni sawa. Volti ni zilezile, lakini ina unene wa milimita 2.5, na kwenye kishikizo cha CR2032 inalegea: inashika leo, wiki ijayo mtu akisogeza meza inaachia.

Ipime dukani kwa mita. Mpya inasoma kati ya volti 3.0 na 3.3. Iliyo chini ya 2.7 haifai hata kama bado imo kwenye pakiti, na betri zilizokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa jua hushuka bila kutumika.

Kabla ya kufungua mashine, ingia BIOS upige picha za kurasa mbili: ule wa kuwasha, unaoonyesha UEFI au Legacy, na ule wa diski, unaoonyesha AHCI, IDE au RAID. Ukitoa betri, mipangilio hiyo inaweza kurudi ya kiwandani, na mfumo uliokuwa umeshasakinishwa ukakataa kuwaka. Wengine hapo hufuta diski na kuanza upya, kumbe ilitakiwa kubadilisha neno moja.

Zima, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa mazabodi. Sukuma kibanio kidogo cha pembeni kwa ukucha au bisibisi bapa, na betri itanyanyuka yenyewe. Usiikongoe kwa kuingiza bisibisi chini yake. Chini ya kishikizo hupita nyaya nyembamba za mazabodi, na zikikwaruzwa huna saa wala kompyuta. Weka mpya, upande wenye `+` ukitazama juu, isukume mpaka usikie kibanio kikishika. Washa, weka tarehe, rudisha mipangilio kwa kufuata picha, kisha fanya jaribio la kuchomoa waya dakika 10.

Na kwenye laptopu?

Nyingi hutumia CR2032 iliyofungwa plastiki, yenye nyaya mbili na kiunganishi kidogo. Nunua yenye nyaya zake. Usijaribu kulehemu waya kwenye betri tupu, kwa sababu joto la kulehemu linaweza kuipasua. Nyingine za zamani zina betri inayochajiwa, ambayo jina lake huanza na ML, mfano ML1220. Hiyo usiibadilishe kwa CR hata ikienea, kwa kuwa mazabodi itajaribu kuichaji na CR haikuundwa kuchajiwa. Soma maandishi ya betri ya zamani ndipo uende dukani. Baadhi ya laptopu mpya hazina kabisa betri ya saa. Hutegemea betri kubwa, na saa hupotea ikiisha kabisa.

Nimemaliza kusakinisha huku tarehe ikiwa mbaya. Kuna kitu kimebaki na kasoro?

Kinaweza kuwepo, na hiki husahaulika. Vyeti ambavyo mashine imejitengenezea wakati wa kusakinisha huanza kuhesabiwa tangu tarehe ile mbaya. Kwenye Ubuntu na Debian, kifurushi cha `ssl-cert` hutengeneza cheti cha ndani cha siku 3650, yaani karibu miaka 10. Kikitengenezwa saa ikisema 1 Januari 2010, kiliisha 2019 kabla hujakitumia hata mara moja, na seva ya shule itagoma bila sababu inayoonekana. Angalia, na kama kina kosa, kitengeneze upya:

```
openssl x509 -noout -dates \
  -in /etc/ssl/certs/ssl-cert-snakeoil.pem
sudo make-ssl-cert generate-default-snakeoil \
  --force-overwrite
```

Baada ya hapo anzisha upya huduma inayokitumia, mfano `sudo systemctl restart apache2`, maana bado imeshikilia cha zamani kwenye kumbukumbu.

Mfumo uliosakinishwa sasa unawaka na tarehe inayokaribia ukweli. Bado nibadilishe betri?

Ndiyo. Huduma ya saa ya `systemd` huhifadhi mara kwa mara saa ya mwisho iliyoijua ndani ya `/var/lib/systemd/timesync/clock`, na mashine ikiwaka na saa ya zamani zaidi huanzia hapo. Kwa hiyo betri mfu haionyeshi tena 2010, inaonyesha jioni ya Ijumaa mliyozima. Asubuhi ya Jumatatu kosa ni la saa 60 na ushei, na mtandao ukichelewa kidogo, masasisho yanagoma, kisha yanapona yenyewe kabla fundi hajafika. Ukisikia malalamiko ya aina hiyo, uliza kwanza kama swichi ya ukutani huzimwa wikiendi.